Namna ya kuhakikisha kwamba duka la inveta ni wakala aliyeidhinishwa kabla ya kulipa

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi yangu ya kufunga umeme wa jua hapa Lubumbashi ni hili: "Nimeona Victron katikati ya mji, bei yake iko chini, na muuzaji anasema ina garanti ya miaka mitano. Ninunue?" Wanaouliza ni watu waliochoka na kukatika kwa umeme wa SNEL, wamekusanya fedha kwa miezi mingi, na wako tayari kulipa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa siwezi kwenda dukani na kila mmoja, nimeandika hatua ambazo mimi mwenyewe huzifuata, nikizieleza kwa kifaa cha chapa moja tu, Victron, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu vizuri na ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua zenyewe. Victron Energy ni kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1975, na haimuuzii mnunuzi wa mwisho moja kwa moja. Inawauzia wasambazaji, wasambazaji wanawauzia mawakala, na mawakala ndio wanaokuuzia wewe. Inveta na vidhibiti vyake vya chaji kwa kawaida vina waranti ya miaka 5, lakini dai la waranti hurudi kwa njia ile ile ambayo mzigo ulikuja: kutoka kwako hadi duka lililokuuzia, kutoka duka hadi msambazaji, kutoka msambazaji hadi kiwandani. Kiungo kimoja kikikosekana, dai lako halina pa kupitia, hata kama kifaa chenyewe ni halisi kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "hii ni orijino?" tu. Unachopaswa kujua ni mzigo huu ulipita mikononi mwa nani mpaka ukafika kwenye rafu hii.

Niliwahi kununua mwenyewe kidhibiti cha chaji katika duka moja la mjini, kikiwa kwenye boksi lake safi. Kiliharibika baada ya mwaka mmoja na nusu. Mwenye duka hakunikatalia. Alinieleza kwa upole kwamba alikinunua kwa mtu aliyekileta kwenye mizigo yake kutoka Dubai, na kwamba hakuwa na mtu wa kumrudishia. Kifaa kilikuwa halisi, nami nilikilipia mara ya pili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na simu yenye intaneti, daftari, na anwani ya barua pepe unayoweza kuifungua, kwa sababu sehemu kubwa ya uhakiki ni maandishi. Uwe pia na programu ya VictronConnect kwenye simu, ambayo ni ya bure. Zaidi ya yote, jipe siku tatu hadi tano kati ya kuona kifaa na kulipa. Ukiingia dukani na fedha mfukoni ukiwa umeamua kurudi na inveta jioni hiyo, hutafanya hata nusu ya yaliyo hapa chini.

Hatua ya 1: Andika jina kamili la kifaa unachokitaka

"Victron ya kilo tatu" si jina la kifaa. Jina kamili huandikwa, kwa mfano, `MultiPlus-II 24/3000/70-32`, na kila namba ina maana yake: betri za volti 24, uwezo wa volti-ampea 3000, chaja ya ampea 70, na swichi ya kupitisha umeme wa nje hadi ampea 32. Ipo nyingine inayofanana nayo kwa sura, `MultiPlus-II 48/3000/35-32`, ambayo ni ya betri za volti 48. Ukimwandikia msambazaji bila jina kamili, atakujibu kwa maswali badala ya majibu. Na fakture ikiandikwa "inveta Victron 3 kVA" bila zaidi, baadaye hakuna atakayeweza kusema kwa hakika kwamba inahusu kifaa ulichonacho mkononi.

Hatua ya 2: Anza kwenye orodha ya mtengenezaji, si dukani

Fungua `www.victronenergy.com` na ubonyeze `Where to buy`. Chagua nchi, na uwe mwangalifu kwamba Kongo ni mbili. Wengi huchagua ile ya Brazzaville na kushangaa kwamba hawaoni duka lolote la huku. Utaonyeshwa majina ya kampuni, anwani na namba za kuwasiliana nazo. Nakili majina yote ya nchi yetu, hata yaliyo Kinshasa, kisha nakili na yale ya Zambia, kwa kuwa mizigo mingi ya hapa hupitia Kasumbalesa. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, kwa sababu orodha hubadilika. Duka lililokuwemo mwaka jana linaweza kuwa limeondolewa.

Kosa la kawaida hapa ni kumwomba muuzaji akuonyeshe orodha kwenye simu yake, au kupiga namba ya "ofisi ya Victron" aliyokupa yeye. Namba ya kuthibitisha lazima uitoe mwenyewe kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Vinginevyo unaweza kuwa unamwuliza ndugu yake muuzaji.

Hatua ya 3: Pata jina la kisheria la duka

Jina lililo juu ya mlango mara nyingi silo jina la kampuni. Omba fakture ya makadirio, ile isiyokuwa ya malipo bado, na usome sehemu ya juu au ya chini ya karatasi. Hapo panapaswa kuwa na jina la kampuni, namba ya RCCM, ambayo kwa kawaida huanza kwa herufi CD, pamoja na namba ya Id. Nat. na namba ya kodi. Jina linaloambatana na RCCM ndilo unalolilinganisha na orodha yako ya hatua ya 2.

Majina yakilingana, umepiga hatua kubwa, ila hujamaliza. Yasipolingana, usikate tamaa wala usikasirike, kwa maana kuna maduka mazuri yasiyokuwemo kwenye orodha ambayo hununua kwa wakala aliyemo. Hayo yanaweza kukupa waranti ya kweli, mradi njia ya mzigo ithibitishwe katika hatua zinazofuata. Na ukiwa na shaka kuhusu namba ya RCCM yenyewe, rejista hutunzwa kwa karani wa Mahakama ya Biashara, na hapa Lubumbashi mahakama hiyo ipo. Unaweza kwenda kuulizia kama kampuni imesajiliwa. Kumbuka tu kwamba RCCM inathibitisha kuwa duka ni kampuni halali. Haisemi lolote kuhusu uwakala wa chapa yoyote.

Hatua ya 4: Mwulize muuzaji maswali matatu, na uandike majibu yake

La kwanza: "Mzigo huu mliununua kwa nani?" La pili: "Kikiharibika, nitakileta hapa, na ninyi mtakipeleka wapi?" La tatu: "Mtaandika namba ya seriali kwenye fakture?"

Muuzaji aliye ndani ya mnyororo hujibu swali la kwanza kwa jina la kampuni. Anaweza asikuonyeshe bei aliyonunulia, na hiyo ni haki yake, lakini jina halina siri. Muuzaji aliye nje ya mnyororo hujibu kwa jina la nchi: "tunaleta Dubai", "tunaleta China wenyewe". Nchi haipokei dai la waranti, kampuni ndiyo inayolipokea, kwa hiyo rudia swali kwa upole mpaka upate jina.

Jihadhari na vitu vitatu vinavyotundikwa ukutani na kuchukuliwa kuwa uthibitisho. Bango la buluu lenye nembo huchapishwa popote hapa mjini. Cheti cha mafunzo kina maana, lakini ni cha mtu aliyehudhuria mafunzo, si cha duka, na mtu huyo anaweza kuwa ameshaondoka. Barua ya uwakala yenyewe ina tarehe, ina eneo, na wakati mwingine inataja aina za bidhaa. Duka linaweza kuwa wakala wa paneli za kampuni nyingine kabisa na kukuonyesha barua hiyo kana kwamba inahusu inveta. Isome yote, usiishie kwenye muhuri.

Hatua ya 5: Soma namba ya seriali kwenye boksi na kwenye kifaa

Omba boksi lifunguliwe mbele yako. Seriali za Victron huanza kwa herufi HQ, zikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki ya kutengenezwa, kisha alama nyingine za kifaa chenyewe. Kwa mfano, seriali inayoanza na `HQ2316` ni ya kifaa kilichotengenezwa wiki ya 16 ya mwaka 2023, yaani katikati ya mwezi wa nne. Kibandiko cha boksi na kibandiko cha kifaa vionyeshe namba moja, herufi kwa herufi.

Kwa vidhibiti vya chaji vya SmartSolar kuna uhakiki wa tatu, kwa kuwa vina bluututhi ndani yake. Muuzaji akikiunganisha na betri, fungua VictronConnect, ingia kwenye kifaa, kisha kwenye mipangilio ubonyeze nukta tatu na uchague `Product info`. Seriali itakayoonekana hapo inatoka ndani ya kifaa, na haibadilishwi kwa kubandika kibandiko kipya. MultiPlus-II ya kawaida haina bluututhi. Kuisoma kwa namna hii kunahitaji kebo ya MK3-USB, ambayo fundi mzoefu anayo.

Angalia pia umri. Kifaa kilichotengenezwa miaka mitatu iliyopita na bado kinauzwa kama kipya si lazima kiwe kibaya, lakini kinakupa swali: kilikuwa wapi muda wote huo? Ukikuta seriali imefutwa, imekwanguliwa au kibandiko kimepachikwa juu ya kingine, acha. Hakuna punguzo la bei linalofidia hilo, kwa sababu bila seriali inayosomeka hakuna dai linaloweza kufunguliwa.

Hatua ya 6: Thibitisha kwa maandishi na msambazaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Chukua jina la kampuni ulilopewa katika hatua ya 4, litafute kwenye orodha ya hatua ya 2, na uiandikie kampuni hiyo kwa anwani iliyo kwenye orodha. Ujumbe uwe mfupi, ukiandikwa kwa Kifaransa ikiwa kampuni iko Kongo au kwa Kiingereza ikiwa iko Zambia, na uwe na mambo haya:

> Nataka kununua MultiPlus-II 24/3000/70-32 yenye seriali HQ… katika duka liitwalo … mjini Lubumbashi. Duka linasema limeinunua kwenu. Naomba mnithibitishie mambo mawili: je, kifaa hiki kilipita kwenu? Na je, kikiharibika ndani ya muda wa waranti, mtakipokea kupitia duka hilo?

Maswali ni mawili kwa makusudi. La kwanza linahusu kifaa, la pili linahusu duka. Kuna mzigo unaotoka kwa msambazaji kihalali na kufika kwenye duka ambalo yeye halitambui, labda kwa sababu umeuzwa na kuuzwa tena, na hapo jibu la kwanza litakuwa ndiyo wakati la pili ni hapana. Jibu la simu halitoshi. Ukipigiwa, shukuru na uombe waandike mistari miwili ya barua pepe, kwa kuwa anayekujibu leo huenda asiwepo ofisini miaka minne ijayo.

Mfano mmoja wa karibu. Mama mmoja anayeuza samaki wa barafu katika komini ya Kenya alitaka inveta hiyo ya volti 24 ili friji zake zisizime usiku. Tulizunguka maduka matatu. La kwanza lilikuwa na bei ya chini kuliko yote, na kijana aliyetuhudumia alisema, "Mama, hii ni orijino kabisa, angalia hata boksi." Tulipouliza mzigo umetoka kwa nani, alijibu Dubai, na tulipouliza kwa kampuni gani, alijibu tena Dubai. La pili lilikuwa na bango kubwa na cheti ukutani. Cheti kilikuwa cha mafunzo, chenye jina la fundi ambaye, kwa maelezo ya dukani penyewe, alishahamia Kolwezi. Na jina la kampuni kwenye fakture ya makadirio halikuwemo kwenye orodha. La tatu nalo halikuwemo kwenye orodha, na bei yake ilikuwa ya juu, lakini mwenye duka alitoa faili, akafunika bei kwa kiganja, na kutuonyesha fakture ya msambazaji aliyemo kwenye orodha, ikiwa na seriali nne. Seriali ya boksi lililokuwa mbele yetu ilikuwa ya tatu kati ya hizo.

Hatukulipa siku hiyo. Tulimwandikia msambazaji jioni, akajibu siku ya pili kwamba kifaa kilipita kwake na kwamba duka hilo ni mteja wake wa kawaida, naye hupokea madai yanayoletwa na duka hilo. Mama alinunua siku ya tatu. Miezi kumi na minne baadaye inveta iligoma kuwaka. Alirudi dukani na fakture, barua pepe ile na picha za ufungaji, na duka likafungua dai. Alikaa wiki kadhaa akitumia jenereta, jambo lililomgharimu mafuta mengi, lakini alipewa kifaa kingine bila kukinunua. Kilichomsaidia hakikuwa ukarimu wa mtu, kilikuwa karatasi tatu zilizotaja seriali moja.

Hatua ya 7: Uliza mipaka ya waranti kabla ya kutoa fedha

Uliza nani analipa usafiri wa kifaa kwenda na kurudi, kwa sababu inveta ni nzito na mara nyingi gharama hiyo huachiwa mnunuzi. Uliza pia kama utaazimwa kifaa kingine wakati wa kusubiri. Mara nyingi jibu ni hapana, na ni afadhali ulijue sasa. Betri mara nyingi zina muda wa waranti mfupi kuliko inveta hata zikiwa za chapa ile ile, kwa hiyo usikubali neno "miaka mitano" litajwe kwa jumla kwa kila kitu kilicho kwenye fakture moja.

Ikiwa unafikiria kununua Kitwe au Lusaka kwa wakala aliyeidhinishwa wa huko, elewa kwamba dai litarudi kwa wakala yule yule. Mawakala wa Lubumbashi hawana wajibu wa kulishughulikia. Itabidi uvushe kifaa mpakani, na kabla ya kukitoa uende DGDA kuomba hati za kutoa mali nje kwa muda, la sivyo kikirudi kimetengenezwa unaweza kudaiwa ushuru kama mtu anayeingiza mzigo mpya. Mimi binafsi nimeacha kununua inveta ng'ambo ya mpaka kwa sababu hiyo, ingawa bei hunivutia.

Hatua ya 8: Lipa kwa fakture iliyo kamili

Fakture ya mwisho iwe na jina la kisheria la duka na RCCM yake, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, jina kamili la kifaa, namba ya seriali, bei, sahihi na muhuri. Chini yake yaandikwe maneno yanayosema waranti ni ya muda gani na kwamba duka hili ndilo litakalopokea dai. Muuzaji mwaminifu huandika hayo bila shida, maana hayaongezi chochote juu ya kile alichokwisha kukuahidi kwa mdomo.

Usikubali fakture yenye bei pungufu ili duka lipunguze kodi, wala karatasi ya daftari yenye muhuri tu. Ikiwa risiti imechapishwa kwa karatasi ile laini ya mashine, itoe nakala siku hiyo hiyo. Maandishi yake hufifia kwa joto, na miaka mitano ni mirefu. Mimi hupiga picha ya fakture na kibandiko cha seriali katika fremu moja, kisha najitumia kwa barua pepe.

Hatua ya 9: Usiiharibu waranti siku ya kufunga

Wakala anaweza kuwa wa kweli na dai likakataliwa kwa haki. Kugeuza nyaya za betri, chanya mahali pa hasi, ni kosa linalotajwa waziwazi katika mwongozo wa MultiPlus kwamba uharibifu wake haumo kwenye waranti. Maji na vumbi la kupindukia ni hivyo hivyo, na kwa vumbi letu la kiangazi hilo si jambo dogo: usifunge inveta kwenye ukuta wa nje chini ya paa la bati. Fundi apime volti na mwelekeo wa nyaya kabla ya kukaza skrubu, aweke fyuzi na nyaya za ukubwa uliotajwa kwenye mwongozo, kisha apige picha za kazi iliyokamilika. Zihifadhi pamoja na fakture.

Mambo yakikwama

*Msambazaji hajibu.* Subiri siku mbili za kazi, uandike tena, kisha upige simu kwa namba iliyo kwenye orodha. Akikaa kimya baada ya hapo, mwombe mwenye duka aandike yeye, nawe uwekwe kwenye nakala ya ujumbe. Duka ambalo lina uhusiano wa kweli na msambazaji hupata jibu haraka. Likikataa hata kujaribu, nenda duka jingine.

*Duka linakataa kufungua boksi kabla ya malipo.* Pendekeza kuweka kiasi kidogo cha kushika mzigo, kwa risiti inayosema kwamba fedha zitarudishwa seriali zisipolingana. Wakikataa na hilo pia, siwezi kukushauri uendelee.

*Seriali za boksi na kifaa hazilingani.* Mara chache ni uzembe wa dukani, mabokisi mawili yamefunguliwa na vifaa vikabadilishana. Omba uonyeshwe boksi la pili. Ikiwa seriali ya kila kifaa iko kwenye boksi la kifaa kingine, tatizo limeisha na fakture iandikwe kwa seriali ya kifaa. Ikiwa hakuna boksi la pili, usinunue.

*Umeshanunua na ndipo unasoma haya.* Anza na hatua ya 5 na ya 6 leo, kifaa kikiwa bado kizima. Rudi dukani uombe seriali iongezwe kwenye fakture kwa mkono, ikiwa na sahihi na muhuri pembeni. Ni rahisi kupata hilo wiki ya kwanza kuliko mwaka wa tatu.

*Duka limefunga, na kifaa kimeharibika.* Hapa ndipo barua pepe ya hatua ya 6 inapofanya kazi yake. Mwandikie msambazaji aliyekuthibitishia seriali, uambatishe fakture, picha za kibandiko na za ufungaji, na maelezo ya hitilafu: taa zipi zinawaka, zipi zinawaka na kuzima, na ilianza lini. Yeye hana mkataba nawe, kwa hiyo omba badala ya kudai. Lakini jina lake lipo kwenye safari ya kifaa hicho, na ana njia ya kukirudisha kiwandani ambayo wewe huna.

*Fundi anakwambia afungue inveta "aangalie tu ndani".* Kuondoa kifuniko cha sehemu ya nyaya ni kazi ya kawaida ya ufungaji. Kugusa bodi za ndani na kuchomelea ni jambo jingine; akishafanya hivyo, wakala ana sababu ya kukukatalia. Kifaa kikiwa bado ndani ya waranti, kizime, ukiache kama kilivyo, na ukipeleke dukani pamoja na karatasi zako.